Kasia Halisomi Utenzi: Jinsi ya Kutunga Wimbo wa Wavuta Makasia

Wanafunzi wenzangu, katika somo la Fasihi Simulizi wengi wetu tumekaririshwa kwamba nyimbo za kazi hupunguza uchovu na kuhamasisha watendaji. Nyimbo za mabaharia na wavuvi zinaitwa kimai, tukaandika, tukajibu mtihani, tukapata alama zetu. Mimi pia nilijibu hivyohivyo. Likizo iliyopita nikaenda kwa mjomba wangu kule Pangani, nikatakiwa kutunga kimai chenyewe, na hapo nikagundua kwamba sikuwa nimeelewa kitu.

Mjomba ana mashua ya kuvulia kwa jarife. Wanatega jioni, wanalala baharini, wanarudi asubuhi na nguru au kolekole kama Mungu kajalia. Chombo kina tanga na makasia manne. Mashine kilikuwa nayo zamani. Mjomba aliiuza mwaka nilipoanza chuo, mkopo wangu ulipotoka nusu. Hajawahi kunisimanga kwa hilo, ila mimi nalijua.

Pepo zikivuma vizuri, tanga linatosha. Taabu inakuja wakati wa maleleji, pale kusi na kaskazi zinapopokezana na bahari inakuwa shwari. Hapo ni makasia tu. Wiki niliyofika walirudi wakiwa wamechelewa siku mbili mfululizo, mnada umekwisha, wachuuzi wakubwa wameondoka na barafu zao. Samaki wazuri wakauzwa kwa bei ya kukaangia. Wavutaji wawili walikuwa vijana wapya waliozoea boti za mashine, na kila mmoja alikuwa anavuta kwa saa yake. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, wewe si unasomea Kiswahili? Watungie hawa wimbo. Za zamani hawazijui, nami nikiziimba wanacheka."

Nikajiona mtu. Usiku ule nikaandika beti tano za utenzi, mizani nane kila mshororo, vina vimekaa kama nilivyofundishwa. Kiitikio kilikuwa "Tutafika salama". Asubuhi nikapanda chomboni nao, mjomba akaimba kutoka kwenye karatasi yangu. Kasia la kumi halijafika, waitikiaji wote wamenyamaza. Mmoja alikuwa anakohoa.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu mizani kwenye karatasi kabla ya kuhesabu kasia. Basi niwaeleze kazi yenyewe ilivyo.

Kasia la mashua limefungwa kwa kishwara kwenye kilete. Mvutaji anakaa akiitazama tezi, mgongo ameuelekeza omo, maana yake haoni aendako. Anayemwona ni nahodha aliyeshika usukani. Kila pigo lina sehemu mbili unazoweza kuzipima. Ya kwanza ni mvuto: kasia limezama, miguu inasukuma, mgongo unalala nyuma. Ya pili ni marejeo: kasia limetoka majini, linarudishwa hewani hadi linapozama tena. Mvuto ni mfupi na mzito, marejeo ni marefu na mepesi.

Siku ya pili nilikaa karibu na mjomba na simu yangu, nikahesabu. Chombo kikiwa na samaki, barafu na nyavu zilizolowa, walipiga makasia 22 kwa dakika. Hiyo ni kama sekunde 2.7 kwa kila pigo: sekunde moja ya mvuto, na kidogo chini ya mbili za marejeo. Sasa rudi kwenye kiitikio changu. "Tutafika salama" kina mizani saba. Nani anaweza kuimba mizani saba kwa sekunde moja huku anavuta? Kwa hiyo walikuwa wanaendelea kuimba wakati kasia liko hewani, na hapo ndipo mvutaji anapovuta pumzi. Niliwaibia pumzi zao. Ndiyo maana walinyamaza, wala haikuwa dharau.

Kanuni ya kwanza ikatoka hapo: waitikiaji waimbe kwenye mvuto, kiongozi aimbe kwenye marejeo. Mtu anayevuta kitu kizito mara nyingi hutoa pumzi, kwa hiyo mpe neno la kutoka na pumzi hiyo. Kasia likirudi, yeye ananyamaza na kuvuta hewa, na nafasi hiyo anaijaza kiongozi. Kiongozi ni nahodha, ambaye mikono yake iko kwenye usukani na kifua chake hakina kazi nyingine.

Kanuni ya pili inahusu urefu wa kiitikio, na hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili lina mkazo mwanzoni, kwa hiyo mkazo na kasia vinaingia majini pamoja. Neno la silabi tatu linawezekana pia, mradi silabi ya kwanza itangulie kidogo kabla kasia halijagusa maji. Neno la silabi nne halifai: mkazo uko kwenye ya tatu, na ukiusubiri, mvuto umeshafika nusu.

Nikachagua "vuta". Silabi mbili, maana iko wazi. Mjomba akaijaribu, akatikisa kichwa. Akasema, "Mdomo umebana. Sauti haifiki omo." Kweli, ukitamka "u" midomo inakusanyika, na mtu anayehema hawezi kuipaza. Tukabadilisha ikawa "haya". Sauti "a" inafungua kinywa chote, pumzi inapita bila kizuizi. Tangu hapo mvutaji wa mbele alianza kuisikia.

Kanuni ya tatu ni urefu wa mstari wa kiongozi. Huhitaji saa. Watazame wavutaji, na makasia yakitoka majini anza kusema "ta, ta, ta" kwa mwendo wa kuimba, uishie yanapozama. Mimi nilipata sita. Basi mstari wangu ni mizani sita, hakuna kujadiliana. Kumbuka tu kwamba "m" ya "mnada" ni silabi kamili inapotamkwa peke yake, kwa hiyo neno hilo ni mizani tatu. Nikaandika hivi:

Pepo zimelala — Haya!
Tanga limenywea — Haya!
Barafu ni maji — Haya!
Mnada wangoja — Haya!
Bei haingoji — Haya!

Angalia kwamba kila mstari umemaliza maana yake. Kwenye shairi la kuandika unaweza kuanzisha wazo mstari huu ukalimalizia mstari unaofuata. Hapa watu wanne wanakukata kwa "haya" kila baada ya mizani sita, na ukiacha wazo likining'inia, linasahaulika. Halafu mkazo wa mstari unaangukia silabi ya tano: la, nywe, ma, ngo, ngo. Wakati huo makasia yako mbele kabisa, juu kidogo ya maji. Silabi ya sita inashuka pamoja nayo. Mvutaji akisikia ule mkazo anajua limebaki silabi moja tu. Hilo ndilo linalowaweka pamoja watu ambao hawaoni waendako. Vina sikuviweka. Kasia halikuviuliza.

Je, tutajuaje wimbo unafanya kazi? Sikiliza maji. Makasia manne yakizama pamoja unasikia "chubwi" moja. Wasipopatana unasikia mtapanyiko kama mvua ya mawe. Tazama pia omo: kama inayumba kushoto na kulia kila pigo, upande mmoja unatangulia mwingine, na nahodha atakuwa anausahihisha kwa usukani, jambo linalozidi kupunguza mwendo. Asubuhi ya kwanza mkono wa mjomba haukutulia kwenye usukani. Kwa wimbo mpya, baada ya kama dakika tano, alikuwa ameushika kwa vidole.

Ila kuna mahali tulikosea tena. Tulipoona paa za mjini, mjomba akafurahi, akaanza kuharakisha mistari. Wavutaji wakamfuata. Nikahesabu: makasia yamepanda hadi 27, lakini povu lililopita ubavuni lilikuwa na mwendo uleule. Marejeo yalikuwa yamefupishwa, mikono hainyooki, kasia linakwangua juu ya maji badala ya kuzama. Wakachoka bure. Dawa yake ilikuwa nahodha kuuvuta mkazo wa silabi ya tano, "Barafu ni maaa-ji", mpaka mikono ikanyooka tena. Ubaya wa wimbo ndio huo: unaweza kuwapoteza watu wote kwa pamoja, na kila mmoja akadhani anafanya sawa kwa sababu yuko sawa na wenzake.

Na wimbo wa mzigo haufai chombo kitupu. Jioni, wakienda kutega, chombo ni chepesi na wanapiga makasia 28 kwa raha. Marejeo ni sekunde moja na kidogo, mizani sita haziingii bila kubwatuka. Kwa hiyo nikatunga wa pili wa mizani nne:

Kasha tupu — Haya!
Chai ipo — Haya!
Bahari hii — Haya!

Huo wa tatu niliukosea, nao wakaukataa palepale. "Ba-ha-ri hi-i" ni mizani tano. Karatasini nilipitiwa, lakini kasia liliniumbua, sote tukacheka. Ukawa "Maji haya", halafu tukakumbuka kwamba "haya" ndicho kiitikio, watachanganyikiwa. Mwishowe kijana mmoja wa wale wapya, ndiye aliyekuwa akikohoa siku ya kwanza, akasema, "Mwalimu, weka 'Maji mengi'." Ndivyo ulivyobaki.

Wimbo hauna mamlaka kila mahali. Pale mto unapokutana na bahari, maji yakitoka na mawimbi yakiingia, hakuna mapigo mawili yanayofanana, na kumlazimisha mtu afuate wimbo ni kumfanya avute hewani. Mjomba akifika hapo hunyamaza, anaita mmoja mmoja kwa jina: wewe vuta, wewe shikilia. Wakishavuka ndipo anaanza tena. Na mkondo ukiwa mkali kuliko mikono yenu, imba utakavyo, hamtasogea.

Asubuhi ya nne walifika mnada ukiwa bado. Sisemi ni wimbo peke yake. Siku hiyo maji kujaa yaliwasaidia kuingia. Lakini nilimwona mjomba akizihesabu noti bila kukunja uso. Akanipa nauli ya kurudi chuoni, nikaikataa, akanitia mfukoni kwa nguvu.

"Hiyo si zawadi," akasema. "Mtunzi naye ana fungu lake."

Bumu likitoka nitamrudishia. Karatasi ya utenzi niliiacha chomboni. Nasikia wameifungia dagaa.