Pale mita inapokunywa umeme unaoupima

Ripoti iliyo mezani kwangu ina kurasa sita, mchoro wa saketi uliopigwa kwa rula, na jedwali lisilo na futo hata moja. Mwanafunzi alipewa kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 47, rezista ya megaomu 1, betri ya volti 9 na multimita ya dijitali. Alitakiwa kuijaza kapasita, kuiachia umeme uvuje kupitia rezista, na kupima muda unaopita hadi volti zishuke kutoka 9.00 hadi 3.31, yaani asilimia 36.8 ya zilivyokuwa mwanzo. Muda huo huandikwa τ, na nadharia inasema τ = RC. Ukiujua muda na ukinzani, unaupata uwezo wa kapasita kwa kugawanya.

Hitimisho lake lilikuwa mistari miwili. Alipata mikrofaradi 49.2, tofauti na maandishi ya kapasita ni asilimia 4.7, kwa hiyo nadharia imethibitishwa. Tofauti ndogo iliyobaki imetokana na makosa ya kibinadamu. Nilimpa alama za wastani, akaja kulalamika. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana kosa lake halionekani kwa macho.

Tuanze na lengo, sehemu ambayo wengi huinakili kutoka kwenye karatasi ya maelekezo bila kuifikiria. Yeye aliandika “kuthibitisha kwamba τ = RC”. Lakini kapasita za aina ile, zile za duara zenye mguu chanya na mguu hasi, mara nyingi huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 20 kila upande. Iliyoandikwa 47 inaweza kuwa 37.6 au 56.4 na kiwanda kisilaumiwe. Kwa kapasita kama hiyo, karibu jibu lolote “lingethibitisha” nadharia. Lengo lililo sahihi lingekuwa kupima uwezo wa kapasita hii moja na kusema kipimo hicho kinaaminika kwa kiasi gani. Lengo likiandikwa hivyo, hitimisho nalo linajua linajibu swali gani.

Nadharia, vifaa na hatua sitazikalia sana. Aya moja ya nadharia yatosha, mradi kila herufi ielezwe. Kwenye vifaa, andika ulichokipima mwenyewe, si kilichochapishwa tu: rezista yake ilisoma megaomu 0.996, na namba hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu. Hatua ziandikwe kwa namna ambayo mwenzako akizisoma kesho atarudia kitu kilekile. Hapo ndipo mwanafunzi wangu aliandika sentensi ambayo hakujua uzito wake: “Multimita ilibaki imeunganishwa kwenye kapasita muda wote wa jaribio.”

Matokeo yake yalikuwa safi. Alirudia mara tano akapata sekunde 49.1, 48.6, 49.4, 48.8 na 49.1. Wastani ni 49.0, na ukikokotoa mtawanyiko wake, shaka ya wastani huo ni kama sekunde 0.14, chini ya theluthi moja ya asilimia. Alichora pia grafu ya logi ya volti dhidi ya muda, ikatoka mstari ulionyooka kama inavyotakiwa. Nani asingeridhika?

Tatizo ni kwamba kurudia jaribio hufichua aina moja tu ya makosa, yale ya nasibu, ambayo leo yanavuta juu na kesho yanavuta chini. Kidole kilichochelewa kubonyeza saa ya simu ni mfano wake. Yapo makosa mengine, ya kimfumo, yanayovuta upande mmoja kila mara. Hayo hata ukirudia mara mia yatakuwepo yote mia, tena kwa kiasi kilekile.

Multimita nyingi za dijitali, zikiwa kwenye kupima volti, zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Kitabu chake cha maelezo husema. Ukiiacha mita imeunganishwa, umeme wa kapasita unapata njia mbili za kutokea, rezista na mita yenyewe. Kwenye saketi yenye rezista ya omu elfu moja hutaiona athari hiyo. Hapa rezista ni karibu megaomu 1, kwa hiyo mita inakunywa takriban sehemu moja kati ya kumi na moja ya umeme wote unaotoka. Zikiwa sambamba, 0.996 na 10 hutoa megaomu 0.906. Sasa gawanya sekunde 49.0 kwa 0.906, unapata mikrofaradi 54.1 badala ya 49.2. Na ile grafu? Njia mbili za ukinzani usiobadilika hufanya kazi kama njia moja yenye ukinzani mdogo zaidi, ndiyo maana mstari ulibaki umenyooka na haukusema kitu.

“Sasa Mwalimu, nitajuaje kama hiyo 54.1 ndiyo yenyewe?” akaniuliza. Swali zuri kuliko ripoti nzima. Sababu ya kosa ikishatajwa, inapaswa kupimwa. Nikamwambia aijaze tena kapasita, aiondoe mita kabisa, aache sekunde 49 zipite, ndipo aiguse mita mara moja asome. Kama mita haikuwa na hatia, angesoma tena 3.31. Kama ilikuwa inakunywa, kapasita ingebaki na volti nyingi zaidi, na hesabu ilisema 3.63. Alisoma 3.6 na ushei, namba ya mwisho ikicheza.

Baada ya hapo uchanganuzi wa makosa unakuwa na cha kusema. Mtawanyiko wa vipimo ni asilimia 0.3. Namba za mita hubadilika mara mbili tatu tu kwa sekunde, na ukiongeza uzito wa kidole unapata shaka ya kama sekunde 0.4, yaani asilimia 0.8. Kipimo cha rezista nacho tukikadirie asilimia 0.8. Hizi hazijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu ni nadra zote kuvuta upande mmoja. Huinuliwa kwa kipeo cha pili, zikajumlishwa, kisha kipeo kikatolewa. Inatoka asilimia 1.2, au mikrofaradi 0.6. Mita ikisoma juu kidogo kwa uwiano uleule kote, haitudhuru, maana tunatumia uwiano wa 3.31 kwa 9.00. Linganisha sasa: shaka yote ni 0.6, na kosa la mita lilikuwa 4.9. Yeye aliliita la kibinadamu, neno ambalo hulikata kwa kalamu nyekundu kila nilionapo, kwani halisemi ni nani alifanya nini, wala jibu lilivutwa upande gani.

Ripoti ya pili aliyoileta ilikuwa na kurasa nne. Hitimisho lake lilisema kwamba uwezo wa kapasita ni mikrofaradi 54.1, zaidi au pungufu ya 0.6, baada ya kurekebisha ukinzani wa mita; kwamba thamani hiyo imo ndani ya uvumilivu wa kiwanda; na kwamba jaribio halikuweza kupima τ = RC kama nadharia, kwa kuwa uwezo wenyewe haukujulikana kwa njia nyingine. Mwishoni aliongeza jambo ambalo sikumfundisha. Aliijaza kapasita, akaiacha peke yake bila rezista wala mita kwa sekunde 50, akaikuta na volti 8.97. Kwa hiyo, akaandika, kuna umeme kidogo unaovuja ndani ya kapasita yenyewe, na 54.1 huenda iko chini ya kweli kwa sehemu ndogo ya asilimia.