Barua ya Ridhaa Kutoka Kampuni ya Bima: Unasaini Nini Hasa?

Ukienda kudai fidia ya bima siku hizi, pamoja na fomu ya madai huenda ukakabidhiwa barua yenye aya ndefu na mstari wa kutia saini chini yake. Barua inasema kampuni inakusanya taarifa zako binafsi, inaweza kuwapa watu wengine, na inaomba ridhaa yako. Wengi husaini bila kusoma kwa sababu wanachosubiri ni malipo. Wapo pia wanaokataa katakata, wakiamini kampuni inatafuta kisingizio cha kuwanyima haki yao. Wote wanaichukua barua hiyo kama ombi moja. Ukiisoma taratibu utakuta ndani yake maombi matatu yenye uzito tofauti, na unaweza kukubali moja ukakataa jingine.

Barua hizi zina mzizi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu amweleze mhusika anakusanya nini, kwa lengo gani, na nani atazipata. Kwa taarifa nyeti, zikiwemo za afya, alama za vidole, watoto na miamala ya fedha, kifungu cha 30 kinakwenda mbali zaidi: kwa kawaida haziguswi mpaka mhusika aridhie kwanza kwa maandishi. Bima ya gari au ya afya haiwezi kulipa dai bila kugusa taarifa za aina hiyo, na ndiyo maana barua inakufuata.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Morogoro mwenye gari dogo lililokatiwa bima kubwa. Anasafiri kwenda Dodoma, pembeni amekaa mtoto wa dada yake mwenye miaka 16. Karibu na Gairo anamkwepa ng'ombe aliyeingia barabarani, gari linatumbukia mtaroni. Mwalimu amevunjika mkono wa kulia, kijana amechanika paji la uso. Mkataba wake unalipa matengenezo ya gari, na una kipengele cha gharama za matibabu ya dereva na abiria. Gereji inakadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 6.8, na hospitali inadai shilingi milioni 1.2 kwa mkono peke yake.

Kwa upande wa gari, kampuni itataka nakala ya leseni, kadi ya gari, ripoti ya polisi, picha za gari lilivyoharibika na makadirio ya gereji. Kila karatasi ina swali lake. Leseni inaonyesha kama aliyekuwa kwenye usukani ameruhusiwa kuendesha aina hiyo ya gari. Kwa gari dogo binafsi ni daraja D. Ripoti ya polisi inaonyesha siku, saa na mahali, ili ijulikane kama bima ilikuwa hai wakati ajali inatokea. Picha na makadirio humsaidia mtathmini hasara kuona kama bampa na taa zinazodaiwa ziliharibika kwenye ajali hii au zilikuwa zimevunjika tangu mwaka jana. Kitambulisho cha taifa na namba ya akaunti vinahakikisha fedha zinamfikia mwenye haki, na kampuni za bima zina wajibu wa kisheria wa kumtambua mteja wao ili kuzuia utakatishaji wa fedha.

Hili ndilo ombi la kwanza, na kwa kweli barua hapa inatoa taarifa zaidi kuliko kuomba ruhusa. Mwalimu ameingia mkataba na kampuni, na mkataba huo hautekelezeki bila karatasi hizo. Akikataa kutoa leseni, dai la gari litakwama, na hatakuwa ameonewa. Anachopaswa kuangalia ni kama kinachoombwa kinahusiana na dai. Taarifa ya benki ya miezi sita haina kazi katika dai la gari lililoanguka mtaroni. Namba ya akaunti na jina la mwenye akaunti vinatosha. Akiona imeombwa, ana haki ya kuuliza ni ya nini kabla ya kuitoa.

Ombi la pili linahusu mkono uliovunjika, na hapa saini ina uzito wa kweli. Kampuni itataka fomu ya polisi ya matibabu, yaani PF3, ripoti ya daktari, majibu ya eksirei na ankara ya hospitali. Watu wengi hawajui saini hii inakwenda kufanya kazi wapi. Wanadhani inabaki kwenye jalada la kampuni. Kazi yake kubwa iko hospitalini. Daktari amefungwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, na ofisa wa bima akimpigia simu kuulizia matibabu ya mwalimu, jibu sahihi la daktari ni kukataa. Ridhaa ya maandishi ndiyo inayomruhusu kufungua faili. Bila hiyo, hospitali inayofuata utaratibu itakaa kimya na kampuni itabaki na ankara ya shilingi milioni 1.2 isiyojua imetokana na nini.

Kwa hiyo maneno ya kusoma kwa makini kuliko yote katika barua nzima ni yale yanayoeleza faili litafunguliwa kwa upana gani. Barua nyingine huandikwa hivi: "Naruhusu daktari au hospitali yoyote kutoa taarifa zangu zote za afya za wakati wowote." Mwalimu akisaini maneno hayo, amefungua mlango wa kliniki aliyotibiwa presha miaka kumi iliyopita, na wa kituo alichopima Virusi vya Ukimwi, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na mfupa wa mkono. Anaweza kuandika kwa mkono wake juu ya sentensi hiyo, au katika barua ndogo ya kuambatanisha, kwamba ridhaa inahusu jeraha la mkono wa kulia lililotokana na ajali ya tarehe fulani, pamoja na matibabu yake katika hospitali aliyoitaja kwa jina. Abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Je, kampuni ikisema hilo ni finyu mno? Wakati mwingine itakuwa na hoja. Ikiwa eksirei inaonyesha mfupa uliowahi kuvunjika na kuunga zamani, ni halali kampuni kuulizia historia ya mkono huohuo, kwa sababu gharama inayolipwa ni ya ajali hii tu. Mkataba wa bima pia umejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili, na mteja anayeficha jeraha la zamani anaweza kupoteza dai zima. Njia ya haki ni kupanua ridhaa kwa kiasi cha swali: mkono uleule, kipindi kinachoeleweka, na maelezo ya maandishi kutoka kampuni kwa nini inahitajika. Kuruka kutoka swali la mfupa mmoja hadi historia ya mwili mzima ni jambo la kukataa, na mteja asione haya kulikataa.

Kuna kosa linalofanyika mara nyingi katika madai ya aina hii. Mwalimu ndiye mwenye bima, kwa hiyo anapewa fomu zote na anasaini zote, pamoja na ile ya kijana. Saini hiyo haimfungi mtu. Taarifa za afya ni za kijana mwenyewe, na kwa kuwa hajafikisha miaka 18, ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi wake. Mjomba kuwa na gari hakumpi mamlaka hayo. Ofisa wa madai makini atamtafuta mama wa kijana. Asipofanya hivyo, hospitali inaweza kuirudisha fomu, na dai linachelewa kwa wiki kadhaa bila mtu yeyote kueleza sababu. Utaratibu ni huohuo kwa abiria mtu mzima: kila mmoja anasainia mwili wake.

Barua itataja pia watu watakaoziona taarifa: mtathmini hasara, gereji, wakili ikiwa kuna kesi, na kampuni ya bima mtawanyo, yaani ile inayoikatia bima kampuni yako ili isielemewe na madai makubwa. Hawa hawastahili kupata kitu kilekile. Gereji inahitaji picha na orodha ya vipuri. Haina haja ya ripoti ya daktari. Ukienda gereji ukakuta fundi anajua umetumia dawa gani, kampuni imetuma jalada zima pale ilipopaswa kutuma kurasa mbili, na hilo ni kosa la kulalamikia.

Uvujaji mwingine huanza kwetu wenyewe. PF3 inaskaniwa steshenari, inatumwa kwa barua pepe ya steshenari, na nakala inabaki kwenye kompyuta ya duka. Eksirei inapigwa picha na kutumwa WhatsApp kwa wakala, ambaye anaisambaza kwenye kundi la ofisi. Afadhali kupeleka karatasi dirishani mwenyewe au kutumia barua pepe rasmi ya kampuni, na dukani kumwomba mhudumu afute faili mbele yako. Akitokea mtu anayejua habari za ajali yako na kukuomba namba ya siri ya simu ili "akuingizie fidia", huyo ni tapeli. Malipo yanahitaji namba ya akaunti au ya simu tu.

Ombi la tatu hukaa chini kabisa, kwa herufi ndogo: ruhusa ya kukutumia matangazo na kuwapa washirika wa kibiashara mawasiliano yako. Hili halihusiani na dai hata kidogo. Unaweza kulikata kwa kalamu na dai likaendelea kama kawaida. Kama barua imeunganisha matangazo na matibabu chini ya saini moja, omba zitenganishwe, kwa sababu ridhaa ya kutibiwa mkono isigeuzwe kuwa ridhaa ya kupigiwa simu za mauzo.

Sheria inaruhusu pia kuondoa ridhaa uliyokwisha kuitoa, wakati wowote, bila kueleza sababu na bila kulipa. Mwalimu akiiondoa katikati ya safari, kampuni haitaomba kitu kipya hospitalini, ingawa yaliyokwisha kufanyika kwa ridhaa yake hayabatiliki. Dai la mkono litasimama pale ushahidi ulipoishia, lakini la gari litaendelea, kwa kuwa linasimama kwenye karatasi zake lenyewe. Kampuni ikisimamisha yote mawili kwa sababu hiyo, aombe maelezo kwa maandishi. Malalamiko kuhusu matumizi ya taarifa hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mgogoro wa kiasi cha fidia au wa dai kukataliwa ni wa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kila ofisi kati ya hizo mbili itataka kuona nakala ya barua aliyoisaini, pamoja na maneno aliyoongeza kwa mkono wake.