Neno moja la kanga lilivyoumbua picha ya ‘dawa ya miujiza’

Kisa hiki ni cha kubuni, ila ujanja uliomo upo kweli na unaweza kuujaribu kwenye simu yako sasa hivi.

Picha iliingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Upande mmoja, mguu wa kushoto wa mama mmoja una kidonda kibichi juu ya kifundo. Upande wa pili, mguu huohuo ni safi, hata kovu hakuna. Maelezo: siku saba tu, chupa Sh60,000, tuma pesa kwanza.

Babu mmoja mwenye kisukari, ambaye kidonda chake husafishwa zahanati, alishaamua kuuza mbuzi na kuachana na bandeji. Wazee wenzake walimuunga mkono. Mmoja alikumbusha kwamba 2011 alipanda gari hadi Samunge, Loliondo, akanywa kikombe cha Sh500, “na hatukuona hata picha. Hii ina ushahidi.”

Mjukuu wake hakubishana. Aliomba simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka kwenye pindo la kanga. Upande wa kidonda pameandikwa SUBIRA. Upande wa “kupona” panasomeka ARIBUS, na ile B imegeuza mgongo.

“Babu, kanga gani inaandikwa kinyumenyume?”

Akapiga skrinishoti, akakata nusu ya pili peke yake, akafungua sehemu ya kuhariri na kubonyeza alama ya kugeuza picha, ile ya pembetatu mbili zinazotazamana. SUBIRA ikasomeka vizuri. Lakini sasa mguu umekuwa wa kulia! Yaani mama hakupona. Walipiga picha mguu wake mzima, wakaugeuza ufanane na ule mgonjwa.

Wazee bado walisita, ndipo kijana akamwomba babu mkono. Wa kushoto una kovu la panga tangu ujana. Akaupiga picha, akapiga na wa kulia, akaugeuza huo wa pili, akaziweka pamoja. Kovu la miaka 40 limepona kwa dakika mbili. Kicheko!

Kwa nini hakuanza na Google Lens? Alijaribu, haikuleta kitu, na hilo halimaanishi picha ni halisi. Huenda haijawahi kuwekwa mtandaoni. Tarehe nayo haikusaidia, maana WhatsApp hufuta taarifa hizo picha inapotumwa kawaida. Na kama kanga isingekuwa na maandishi, angetafuta baka, kovu dogo au kivuli kilichohama upande. Picha ikiwa na ukungu sana hata hivyo vinapotea.

“Kwa hiyo dawa haiponyi?” babu akauliza.

“Hilo simu haijui, babu. Inajua tu kwamba huyu mama hakupona kwenye hii picha.”

Babu akanyamaza kidogo, kisha akauliza zahanati inafungua saa ngapi kesho. Mbuzi akabaki zizini.