Ridhaa ya Kubofya

Mwenye duka la mtandaoni, auzaye bidhaa zake kwa watu wa nchi mbalimbali, hudhani aghalabu kwamba akishaandika masharti na kuyaweka popote katika ukurasa wake, kila anunuaye amekwisha kufungika nayo. Na dhana hiyo ndiyo iliyoiangusha kampuni ya Netscape mwaka 2002, pale mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilipohukumu kuwa watu waliopakua programu yake ya bure hawakuyaridhia masharti, kwa kuwa habari zake zilikaa chini ya kitufe cha kupakulia, mahali pasipoonekana ila kwa kuuteremsha ukurasa.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, tarehe 21 Mei 2015, ilikabiliwa na shauri la namna nyingine. Mchuuzi wa magari wa Ujerumani alinunua gari la umeme mtandaoni kwa bei nafuu mno, muuzaji akaubatilisha uuzaji kwa hoja kwamba gari limeonekana lina hitilafu. Mchuuzi alipofungua daawa Ujerumani, akajibiwa kuwa masharti aliyoyakubali kwa kubofya kisanduku yanaipa mamlaka mahakama ya Leuven, Ubelgiji. Alilalamika kwamba ukurasa wa masharti haukufunguka wenyewe, bali ulitaka kubofywa. Mahakama haikuona taabu kwa hilo: yatosha, ilisema, ikiwa masharti yaweza kuhifadhiwa na kuchapishwa kabla mkataba haujafungwa.

Basi kisanduku na kiwe kitupu, mnunuzi akitie alama mwenyewe kabla ya kulipa, na kiungo cha masharti kiwe papo hapo. Duka nalo liweke nakala ya masharti kama yalivyokuwa saa ile, maana mwenye kuyabadili kila mwezi bila kuweka ya zamani hana cha kumwonyesha hakimu. Hapa ndipo sahihi ya kidijitali inapofaa, kwa maoni yangu, kuliko kumdai mteja awe nayo: duka likiitia nakala sahihi kwa ufunguo wake wa siri, herufi moja ikigeuzwa baadaye, uhakiki utakataa.

Lakini mchuuzi yule alikuwa mfanyabiashara, na hukumu yake haimfikii mama wa Hamburg anunuaye kwa matumizi ya nyumbani. Duka la Mombasa likitaja bei kwa yuro na kutangaza kuwa hupeleka mizigo Ujerumani, limeelekeza biashara yake huko; mama huyo aweza kulishitaki mjini kwake, hata kama amekitia alama kisanduku kinachosema mahakama ni za Kenya pekee. Kitufe cha mwisho kisipoeleza waziwazi kwamba kukibofya ni kujiwajibisha kulipa, hafungwi na agizo. Zaidi ya hayo, ana siku 14 za kughairi tangu apokee mzigo, bila kutoa sababu. Na duka likikosa kumjulisha haki hiyo, muda huongezeka kwa miezi 12.