Breketi Moja, Profaili Tatu: Jinsi Mchoro wa Karatasi Unavyopata Unene

Profaili ni umbo bapa ambalo mistari yake imefungana pande zote: mstatili, duara, pembetatu, au mchanganyiko wa mistari na matao unaorudi pale ulipoanzia. Kuisukuma profaili ni kuibeba yote kwa pamoja, kwa mstari ulionyooka, kutoka kwenye bapa lake hadi umbali fulani, ili kila mahali ilipopita pabaki pamejaa. Wapishi wa tambi za dengu wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Tundu la kibati ndilo linaloamua tambi iwe ya duara au ya nyota, na mkono unaokandamiza ndio unaoamua iwe ndefu kiasi gani. Fremu za madirisha ya alumini hutengenezwa kiwandani kwa namna iyo hiyo, alumini laini ya moto ikisukumwa kupitia kalibu. Kwenye kompyuta hakuna kinachokandamizwa, lakini mambo mawili yanayohitajika ni yale yale: umbo la tundu na urefu wa msukumo.

Mwanafunzi wa uhandisi mitambo anayepewa mchoro wa karatasi wenye mionekano mitatu, yaani wa mbele, wa juu na wa ubavuni, hukuta vyote viwili vimeandikwa humo, ila havikai mahali pamoja. Mwonekano wowote huonyesha vipimo viwili tu na kukificha cha tatu, kile kinachoelekea kwenye jicho la mtazamaji. Kwa hiyo profaili ikipatikana katika mwonekano mmoja, urefu wa kuisukuma hauna budi kutafutwa katika mwonekano mwingine. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inafanyika kwa macho na penseli kabla programu haijafunguliwa. Amri ya kusukuma, iwe ni `Pad` katika FreeCAD, `EXTRUDE` katika AutoCAD au `Extruded Boss/Base` katika SolidWorks, huchukua sekunde chache tu.

Chukua mfano wa breketi ya chuma inayoshikilia shafti. Ina kitako kinacholala juu ya meza ya mashine, chenye urefu wa milimita 80, upana wa 50 na unene wa 12. Kwenye mwisho wa kushoto wa kitako umesimama ukuta wenye unene wa milimita 12 na upana ule ule wa 50. Juu ya ukuta pamezungushwa nusu duara, na katikati ya nusu duara hiyo mna tundu la shafti lenye kipenyo cha 20, kitovu chake kikiwa milimita 42 kutoka chini ya kitako. Katika kona ya ndani, kitako kinapokutana na ukuta, kuna egemeo la pembetatu lenye unene wa 8, linalopanda milimita 18 ukutani na kutambaa milimita 30 juu ya kitako. Mwisho, kitako kina matundu mawili ya kipenyo cha 9 kwa ajili ya bolti za M8, yaliyoachana milimita 30, vitovu vyake vikiwa milimita 62 kutoka ukingo wa kushoto.

Breketi hii inafundisha vizuri kwa sababu kila mwonekano unatoa profaili moja. Mwonekano wa juu unatoa mstatili wa kitako, wa ubavuni unatoa umbo la ukuta, na wa mbele unatoa pembetatu ya egemeo. Namna ya kuchagua ni kujiuliza, kwa kila sehemu, ni kutoka upande gani umbo lake halibadiliki tangu linapoanza hadi linapoisha. Ukuta ukitazamwa kwa mbele ni kipande chembamba kisichoonyesha duara lolote. Ukitazamwa ubavuni, tao na tundu vinaonekana wazi, na vinabaki hivyo hivyo katika milimita zote 12 za unene. Huko ndiko profaili yake iliko.

Kazi huanza na kitako. Katika FreeCAD, mstatili uliochorwa kwa kuburuta kipanya unakuwa bado huru kwa namna nne: unaweza kurefuka, kupanuka, kuhama kushoto au kulia, na kuhama juu au chini. Kipimo cha 80 kinaondoa uhuru mmoja, na cha 50 kinaondoa wa pili. Sharti la ukingo wa kushoto kukaa juu ya mhimili linaondoa wa tatu, na sharti la mstatili kugawanyika sawasawa na mstari wa kati linaondoa wa nne. Hapo mistari hugeuka rangi ya kijani, ishara kwamba hakuna kilichobaki cha kubahatisha. Wanafunzi wengi husukuma mstatili kabla ya kufika hapo kwa kuwa unaonekana umekaa sawa. Unaonekana hivyo hadi kipimo kimoja kinapobadilishwa, ndipo sehemu nyingine inapoteleza bila taarifa. Ulinganifu na mstari wa kati nao si pambo, kwa kuwa breketi nzima inafanana pande zote mbili za mstari huo, na kila profaili itakayofuata itaupima upana kutoka hapo.

Mstatili husukumwa milimita 12, kipimo kilichosomwa katika mwonekano wa mbele. Matundu ya bolti yanaweza kuchorwa humo humo ndani ya mstatili, lakini ni afadhali yakatwe baadaye kwa amri ya `Pocket`, ambayo ni msukumo ule ule unaoondoa badala ya kuongeza. Duara mbili huchorwa juu ya uso wa kitako na kusukumwa kwenda chini. Kina kisiandikwe 12, bali ichaguliwe `Through all`, maana yake tundu lipenye hadi upande wa pili vyovyote unene utakavyokuwa. Aliyeandika 12, kisha akaambiwa kitako kiwe 15, atabaki na matundu yasiyotoboka, chini yake kumebaki utando wa milimita 3.

Ukuta unahitaji uangalifu zaidi. Profaili yake huchorwa kwenye bapa la mwisho wa kushoto wa kitako: mstari wa chini wa milimita 50 juu ya uso wa kitako, mistari miwili ya kusimama yenye urefu wa milimita 30 kila mmoja, na nusu duara yenye nusu kipenyo cha 25 inayoiunganisha juu. Hiyo 30 haijaandikwa kwenye karatasi. Inatokana na 42, urefu wa kitovu kutoka chini, ukitoa 12 za unene wa kitako. Tundu la shafti huchorwa ndani ya profaili hiyo hiyo, na kitovu chake hufungwa kwenye kitovu cha tao. Programu ikikuta umbo lililofungwa ndani ya jingine, huliacha wazi la ndani. Tundu na tao vikifungwa pamoja namna hii, haviwezi kuachana hata urefu wa ukuta ukibadilika.

Hapa ndipo kosa la profaili isiyofungana hujitokeza, kwa sababu tao na mistari hukutana mara mbili. Ncha ya mstari ikiachana na ncha ya tao kwa sehemu ndogo ya milimita, jicho halitaona pengo lolote kwenye skrini. FreeCAD hukataa kusukuma na kutoa onyo, na huo ni wema. AutoCAD haikatai: mistari isiyofungana hutoa nyuso nyembamba zilizosimama kama kuta za boksi lisilo na kitu ndani. Hata mistari iliyogusana barabara, ikiwa bado ni vipande mbalimbali, hutoa nyuso badala ya umbo mango, mpaka iunganishwe kwanza kwa `JOIN` au igeuzwe kuwa eneo moja kwa `REGION`. Njia ya kulitambua kosa ni kulikata umbo kwa bapa la kufikirika na kuchungulia ndani.

Ukuta husukumwa milimita 12 kuelekea kulia, juu ya kitako. Ukisukumwa kushoto, utaning'inia nje na kugusana na kitako kwa ukingo tu. Kisha huja pembetatu ya egemeo, inayochorwa kwenye bapa la katikati, pembe yake ya mraba ikikaa palepale ukuta unapokutana na kitako. Unene wake wa 8 husomwa katika mwonekano wa juu. Msukumo wa kawaida huenda upande mmoja, hivyo milimita 8 zote zingeangukia upande mmoja wa mstari wa kati. Egemeo lapaswa kusukumwa kwa ulinganifu, 4 huku na 4 huku.

Umbo likishakamilika, hupimwa kwa hesabu ya mkono. Kitako ni 80 × 50 × 12, yaani milimita za ujazo 48,000. Matundu mawili ya bolti yanaondoa takriban 1,527, zinabaki 46,473. Profaili ya ukuta ina mstatili wa 1,500, nusu duara ya 981.75, na tundu linaloondoa 314.16. Eneo lake ni 2,167.59, na likizidishwa kwa 12 linatoa 26,011. Egemeo ni nusu ya 30 × 18, mara 8, yaani 2,160. Jumla ni 74,644. Kwa chuma cha pua au cha kawaida uzito hutofautiana, lakini kwa chuma cha kawaida chenye gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, breketi itakuwa na uzito wa gramu 586 hivi.

Programu ikitaja ujazo huo huo, profaili na urefu wa misukumo viko sawa. Ikitaja tofauti, tofauti yenyewe hueleza kosa lilipo. Namba 63,335 ina maana kwamba zimepungua 11,310, na hicho ndicho kiasi kinachopotea iwapo 20 ya tundu la shafti iliandikwa kama nusu kipenyo badala ya kipenyo. Namba iliyozidi kwa 763 ni ya tundu moja la bolti lililosahaulika.

Lakini ujazo hauoni mahali. Egemeo lililosukumwa upande mmoja lina ujazo ule ule wa 2,160. Kosa hilo hufichuliwa na kitovu cha uzito: katika breketi hii lazima kikae juu ya mstari wa kati kabisa, na egemeo likikaa vibaya kitahama kwa milimita 0.116. Ni kidogo, ila si sifuri, na sifuri ndiyo jibu pekee linalokubalika.

Kusukuma kunaweza tu kile kisichobadilika njiani. Bomba lililopinda huhitaji profaili iburutwe kwenye njia ya mkunjo, na pipa au puli huhitaji profaili izungushwe kwenye mhimili. Kona zilizolainishwa nazo, kwa mfano zile ambazo mchoro unaziandika R3, hazitoki kwenye profaili bali huongezwa mwishoni juu ya umbo lililokwisha kujengwa. Kila kona iliyolainishwa huongeza au kupunguza ujazo kidogo, na hesabu ya mkono haitalingana tena na ya programu. Ndiyo sababu upimaji hufanyika kabla kona hazijaguswa.