Saini Nne, Mkataba Mmoja: Nani Aanze, Nani Amalizie

Mkataba wa mkopo wa chama cha akiba na mikopo huhitaji saini kadhaa. Mkopaji anasaini, wadhamini wawili wanasaini, kisha meneja wa mikopo anaidhinisha. Kwenye karatasi utaratibu huo hujisimamia wenyewe, kwa sababu karatasi ni moja: ikiwa bado iko kwa mdhamini, meneja hana cha kusaini. PDF haina nidhamu hiyo. Mkataba uleule unaweza kuwa kwenye kompyuta nne kwa wakati mmoja, na mdhamini mwenye haraka akasaini kabla mkopaji hajajaza kiasi. Mkopo ukishindwa kulipika, atasema alisaini fomu tupu, na faili lenyewe litamtolea ushahidi.

Sheria imeshakubali saini za namna hii. Tanzania ilifanya hivyo kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na Kenya iligusa suala hilohilo mwaka 2020 iliporekebisha sheria zake za biashara. Lakini nani atangulie na nani afuate ni kazi ya anayeandaa mkataba, na kazi hiyo hufanywa kabla faili halijatumwa kwa mtu yeyote.

Kwanza ijulikane ni saini gani inayozungumzwa. Watu wengi huchora jina kwa kidole kwenye simu, au hupiga picha ya saini yao na kuibandika kwenye ukurasa. Hiyo ni picha tu. Haijui nini kimeandikwa juu yake, na mtu akibadilisha milioni 2 kuwa milioni 5 picha itabaki palepale ikimeremeta. Saini ya kidijitali ni kitu kingine: programu hupiga hesabu ya maandishi yote ya faili, kisha hufunga jibu kwa ufunguo wa siri wa msainaji. Herufi moja ikiguswa baadaye, hesabu haitoki sawa.

Msainaji wa pili hupata nafasi yake kwa sababu ya namna PDF inavyohifadhi mambo. Saini yake na chochote alichojaza huongezwa mwishoni mwa faili, bila kugusa yale ya mwanzo. Hesabu ya saini yake hujumuisha kila kitu kilichotangulia, ikiwamo saini ya mwenzake. Ni kama bahasha iliyofungwa ikatiwa ndani ya bahasha nyingine: ya mdhamini imebeba ya mkopaji, ya meneja imebeba zote. Kwa hiyo faili hukumbuka mpangilio hata kama hakuna aliyeagiza likumbuke.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Faili hukumbuka nani alitangulia, lakini halimzuii anayeruka foleni.

Kazi ya maandalizi hufanyika kwenye kompyuta, katika programu yenye uwezo wa kutengeneza fomu. Katika Acrobat sehemu hiyo huitwa `Prepare a form`. Mwandaaji huweka visanduku vya kujaza, tuseme Kiasi, Riba na Muda, kisha huweka visanduku vinne vya saini za kidijitali na kuvipa majina yanayoeleweka: Saini_Mkopaji, Saini_Mdhamini1, Saini_Mdhamini2, Saini_Meneja. Vyote vinne viwekwe mapema, kabla ya saini ya kwanza. Msainaji akiachiwa ajichoree kisanduku chake mwenyewe, anaweza kukutana na kiboksi kilichoandikwa `Lock document after signing`. Akikiweka alama kwa kudhani ni usalama zaidi, faili linafungwa na walio nyuma yake hawana pa kusaini. Mkataba huo unaanza upya.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika sifa za kila kisanduku cha saini kuna sehemu iitwayo `Signed`. Ikiachwa ilivyo, mtu akisaini hakuna kinachotokea: kisanduku cha Kiasi kinabaki wazi, na anayefuata anaweza kubadilisha tarakimu bila saini ya kwanza kuonekana imevunjika. Programu itaripoti tu kwamba fomu imejazwa baada ya saini, na nani husoma ripoti hiyo? Dawa yake ni kuchagua `Mark as read-only` kwenye Saini_Mkopaji, kisha `Just these fields`, na kutaja Kiasi, Riba na Muda. Mkopaji akisaini, visanduku hivyo vitatu vinaganda. Atakayevigusa kwa ujanja ataiharibu saini, na uharibifu utaonekana. Kwenye Saini_Meneja, aliye wa mwisho, huchaguliwa `All fields`.

Wapo wanaopendelea njia ya kumzuia mtu moja kwa moja. Hufanya Saini_Mdhamini1 isibonyezeke tangu mwanzo, kisha kwenye sehemu ileile ya `Signed` ya mkopaji huandika amri fupi ya kuifungua:

```
this.getField("Saini_Mdhamini1").readonly = false;
```

Njia hii inafanya kazi ndani ya Acrobat, mradi jina limeandikwa sawasawa, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Tatizo ni mawili. Amri hii hutegemea programu inayoitekeleza, na programu nyingi za kusomea PDF kwenye simu na kwenye kivinjari haziitekelezi kikamilifu. Pili, Acrobat hutaka uchague kimoja kwenye sehemu hiyo: ama kugandisha visanduku, ama kuendesha amri. Kwa mkataba wenye fedha, kugandisha tarakimu kuna faida kubwa kuliko mlango ambao wengine hata hawatauona.

Basi foleni yenyewe italindwa na nini? Na mzunguko. Faili litumwe kwa mkopaji peke yake. Akisaini na kulirudisha, afisa hulikagua na kulituma kwa mdhamini wa kwanza, na hivyo hadi mwisho. Wadhamini nao wasitumiwe nakala kwa pamoja kwa nia ya kuokoa muda. Kila mmoja akisaini nakala yake, yatazaliwa mafaili mawili, moja lina saini ya mdhamini wa kwanza na jingine la wa pili, na hakuna njia ya kuyaunganisha bila kuvunja saini zote. Anayejaribu kuziunganisha kurasa zake atabaki na picha za saini zisizo na nguvu nyuma yake.

Ofisi yenye mikataba mingi itachoka na mzunguko huu, na hapo ndipo huduma za mtandaoni kama DocuSign na Acrobat Sign zinapoingia. Huko mpangilio haumo ndani ya faili. Unasimamiwa na tarishi. Mwandaaji huandika anwani za barua pepe za wote, huwasha `Set signing order`, kisha humpa kila mtu namba. Mkopaji 1, wadhamini wote wawili 2, meneja 3. Huduma haimtumii mdhamini kiungo mpaka mkopaji amalize, na wenye namba moja hupokea pamoja, yeyote akianza sawa. Hili linawezekana kwa sababu huduma hukusanya ridhaa za wote kwenye seva yake na kulifunga faili kwa muhuri wake mwenyewe. Pamoja nalo hutoka ripoti inayoonyesha nani alifungua, nani alisaini na saa ngapi.

Tarishi huyu naye ana udhaifu wake: anajua anwani, hamjui mtu. Mume na mke wanaotumia barua pepe moja, mmoja mkopaji na mwingine mdhamini, wanaweza kusainiwa na mtu mmoja aliyeshika simu. Kibaya zaidi ni afisa mwenye huruma anayemwekea mdhamini asiye na barua pepe anwani yake mwenyewe. Ripoti itasema, kwa usahihi kabisa, kwamba mdhamini alisaini kupitia barua pepe ya ofisi iliyotoa mkopo. Mwanasheria wa upande wa pili hatahitaji zaidi ya hapo. Afadhali mdhamini huyo aje ofisini asaini karatasi.

Jingine la kuangaliwa ni muda wa kungoja. Mtu wa pili akilala na mkataba, wa tatu hajui hata kama upo. Mwandaaji aweke ukumbusho wa kila baada ya siku mbili tatu, na aweke tarehe ya mwisho. DocuSign isipoagizwa vingine huuacha mkataba wazi kwa siku 120, muda ambao kipato cha mkopaji kinaweza kuwa kimebadilika kabisa.

Kwa waliofuata njia ya faili, ukaguzi wa mwisho ni wa dakika chache. Fungua PDF katika Acrobat Reader, ambayo ni ya bure, kisha fungua paneli ya saini. Saini zimepangwa kwa foleni ya kweli: `Rev. 1`, `Rev. 2`, na kuendelea. Ikiwa kwenye `Rev. 1` limeandikwa jina la mdhamini, foleni ilirukwa, hata kama kwenye ukurasa saini ya mkopaji iko juu. Usitegemee saa iliyoandikwa pembeni ya jina, kwani mara nyingi hutoka kwenye kompyuta ya msainaji, na kompyuta yenye betri mbovu ya saa inaweza kudai ulisaini miaka mitano iliyopita. Mpangilio wa `Rev.` ndio wa kuaminiwa. Ukibonyeza saini na kuchagua `View Signed Version`, utaona mkataba ulivyokuwa mtu huyo alipousaini, tarakimu zake zote.

Usiogope pia ukiona onyo kwamba uhalali wa saini haujulikani. Hilo hutokea msainaji anapotumia cheti alichojitengenezea, na maana yake ni kwamba kompyuta yako haijamtambua mwenye cheti. Ikisema saini si halali, hilo ni jambo jingine: kuna kitu kimeguswa. Mara nyingi mkosaji si tapeli bali ni mtumishi mwema aliyeongeza ukurasa wa viambatisho, au aliyepitisha faili kwenye programu ya kupunguza ukubwa ili lipite kwenye barua pepe. Kurasa za nyongeza ziingizwe kabla ya saini ya kwanza, na faili lililosainiwa litumwe jinsi lilivyo.

Mdhamini akigundua kosa katikati ya safari, tuseme riba imeandikwa kwa mwaka badala ya mwezi, asisaini kisha akaongeza maelezo kwa barua pepe. Afisa aliweke kando faili hilo, arekebishe la asili ambalo halijasainiwa, na mkopaji aanze tena kusaini. Na fedha zisitolewe mpaka kila mmoja wa wanne awe amepokea faili lenye saini zote, likiwa PDF yenyewe, kwa sababu nakala iliyochapishwa haiwezi kukaguliwa kwenye paneli hiyo.