Kabla ya Kuifuta Hiyo "i": Kurekebisha Kosa Moja Katika Kurasa Nyingi za Wikipedia

Mtu akianza kujitolea kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, kosa moja atakaloliona mapema ni neno "raisi". Kamusi ya Kiswahili Sanifu huliandika "rais", na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania vilevile. Lakini maneno yetu mengi huishia kwa irabu, kwa hiyo vidole huongeza "i" vyenyewe, na wingi wake hugeuka "maraisi", na cheo chenyewe "uraisi". Mhariri mgeni akiliona kosa hilo ukurasa baada ya ukurasa, hutamani atafute njia ya kulifuta kote kwa mara moja. Njia hiyo ipo, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kompyuta haijui rais ni nani. Inachokiona ni herufi tano zilizofuatana.

Herufi hizo tano zimo ndani ya maneno mengine ambayo si makosa. Filamu ya ndugu Coen ya mwaka 1987 inaitwa *Raising Arizona*. Tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Broadway mwaka 1959 inaitwa *A Raisin in the Sun*. Ukiiambia programu igeuze kila "raisi" kuwa "rais" bila kujali herufi kubwa na ndogo, filamu itakuwa "raisng Arizona" na tamthilia itakuwa "A raisn in the Sun". Makosa mapya haya ni mabaya kuliko lile la kwanza, kwa kuwa msomaji aliyesoma "raisi" alielewa, ila anayeitafuta filamu hiyo kwa jina lake hataipata tena.

Kosa la namna hiyo lina dawa nyepesi: unaitaka programu itafute neno zima tu, si herufi zilizo ndani ya neno lingine. Lakini dawa hiyo haimsaidii Ebrahim Raisi. Huyu alikuwa rais wa Iran kuanzia Agosti 2021 hadi alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 19 Mei 2024. Jina lake ni neno zima, limeandikwa sawasawa, na karibu kila anapotajwa neno "rais" liko jirani. Sentensi kama "Raisi alichaguliwa kuwa raisi wa Iran" ina kosa moja tu, la pili. Hakuna kanuni ya kompyuta itakayotofautisha kwa uhakika jina lile na cheo kile. Anayeweza ni mtu anayesoma. Ndiyo maana mimi humshauri kila mhariri mgeni ashike jambo moja kabla ya mengine yote: mashine imtafutie, lakini uamuzi wa kila badiliko uwe wa macho yake.

Anza basi kwa kutafuta, bila kugusa chochote. Katika kisanduku cha utafutaji cha Wikipedia, andika hivi:

```
insource:"raisi" -"Ebrahim Raisi"
```

Neno la kwanza linaiagiza tovuti itafute ndani ya maandishi ya chanzo, yaani yale unayoyaona ukibonyeza "Hariri chanzo". Alama za nukuu zinaifanya itafute neno zima, kwa hiyo *Raising Arizona* haitatokea. Kistari cha kutoa kinaziondoa kurasa zenye jina kamili la yule kiongozi wa Iran. Kurasa hizo utazishughulikia baadaye, moja moja, kwa mkono. Rudia utafutaji kwa "maraisi" na "uraisi", maana kwa mashine hayo ni maneno mengine kabisa.

Sasa tafuta tena neno lilelile bila `insource:`, na ulinganishe idadi. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa kazi kubwa kuliko zote. Utafutaji wa kawaida husoma ukurasa kama msomaji anavyouona, pamoja na maandishi yaliyoletwa na vigezo. Kigezo ni kipande kilichoandikwa mahali pamoja kikaitwa katika kurasa nyingi, kama lile sanduku la taarifa lililo pembeni mwa makala ya kiongozi. Tuseme utafutaji wa kawaida umeleta kurasa mia mbili na ule wa chanzo umeleta thelathini. Zile nyingine huenda hazina kosa ndani yake hata moja. Kosa limo katika kigezo. Fungua ukurasa mmoja kati ya hizo, bonyeza "Hariri chanzo", na ukiona neno "raisi" halimo humo ingawa linaonekana kwenye makala, umekwisha kupata ushahidi wako.

Ukifika hapo, simama. Kigezo kinachotumika katika mamia ya kurasa kikiharibika, zote zinaharibika kwa pamoja, na ndani ya kigezo neno "raisi" linaweza kuwa jina la nafasi ya kujazia taarifa badala ya neno la kusomwa. Ukilibadilisha jina hilo, makala zote zilizojaza nafasi hiyo kwa tahajia ya zamani hazitaionyesha tena taarifa hiyo. Mhariri mgeni na aandike kwenye ukurasa wa majadiliano wa kigezo, au awaombe wakabidhi, yaani wahariri waliopewa dhamana ya kuiangalia wiki. Kigezo kikisharekebishwa, usishangae kuona kurasa nyingine bado zina kosa. Tovuti huzisasisha taratibu, na ukitaka kuharakisha ukurasa mmoja, ongeza `?action=purge` mwishoni mwa anwani yake.

Zilizobaki, zile thelathini, ndizo kazi yako. Kwa anayeanza ningependelea "Hariri" ya kawaida, ile inayoonyesha ukurasa kama msomaji anavyouona, kuliko "Hariri chanzo". Sababu ni anwani za tovuti. Makala nyingi zimeweka viungo vya habari za magazeti, na gazeti lenyewe huenda liliandika "raisi-wa-zanzibar" ndani ya anwani ya habari yake. Kistari hicho kinaifanya kompyuta ilione "raisi" kuwa neno zima. Ukiondoa "i" hapo, kiungo kinakufa na makala inapoteza ushahidi wake, na hakuna atakayejua hadi siku mtu atakapokibonyeza. Katika "Hariri" ya kawaida anwani hizo zimefichwa, hivyo utafutaji hauzigusi.

Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, na kisanduku cha kutafuta na kubadilisha kitatokea. Washa chaguo la kutofautisha herufi kubwa na ndogo, kisha lile la kutumia kanuni za utafutaji, na ujaze hivi, mstari wa kwanza pa kutafutia na wa pili pa kubadilishia:

```
\b(ma|u)?raisi\b
$1rais
```

Alama `\b` maana yake ni mpaka wa neno. Sehemu iliyo katika mabano inakubali "ma" au "u" mwanzoni, au pasiwepo kitu, na `$1` inakirudisha kilichokutwa. Kwa hiyo "maraisi" inakuwa "marais", "uraisi" inakuwa "urais", na *Raising Arizona* inabaki salama. Raisi wa Iran naye amesalimika, kwa kuwa kanuni hii haigusi R kubwa. Bila shaka "Raisi" yenye herufi kubwa mara nyingi nayo ni kosa, kama vile "Raisi Julius Nyerere". Hizo zitafute peke yake na uzibadilishe moja moja, ukiisoma sentensi nzima kila mara. Kuna kitufe cha kubadilisha zote kwa pamoja. Usikibonyeze.

Njiani utakutana na mahali ambapo "raisi" inapaswa kubaki. Maneno ya mtu yaliyonukuliwa, kichwa cha habari ya gazeti katika marejeo, na jina la kitabu kama lilivyochapishwa jaladani, vyote hivyo ni vya wenyewe. Ukivirekebisha umebadilisha ushahidi. Ili mhariri mwingine asije akavigusa, ingia kwenye "Hariri chanzo" na uweke kando yake maelezo ambayo msomaji hayaoni:

```
<!-- tahajia ya chanzo, usirekebishe -->
```

Majina ya jamii yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. Jamii ni yale makundi yanayoorodheshwa chini ya makala. Kama makala imewekwa katika "Jamii:Maraisi wa Afrika" nawe ukafuta "i", umeihamishia kwenye jamii ambayo pengine haipo. Dalili yake ni kiungo chekundu chini ya ukurasa. Hata ukurasa wa jamii wenyewe ukipewa jina jipya, makala zilizomo hazihami nao, kwa kuwa jina la jamii limeandikwa ndani ya kila makala. Kichwa cha makala kikiwa na kosa, dawa si kuhariri bali kuuhamisha ukurasa, jambo ambalo akaunti mpya hairuhusiwi kulifanya siku zake za mwanzo. Yote mawili yapeleke kwenye majadiliano.

Kabla ya kuhifadhi, tazama ulinganisho wa mabadiliko. Upande mmoja upo ukurasa wa zamani, upande wa pili mpya, na kila kilichobadilika kimepakwa rangi. Ukiona rangi mahali usipopakumbuka, funga bila kuhifadhi. Katika nafasi ya muhtasari andika "tahajia: raisi → rais", na usirekebishe kitu kingine chochote katika hariri hiyo, hata kama umeona koma iliyopotea. Mtu akigundua kwamba umekosea ataitengua hariri yote kwa mara moja, na hapo koma yako nzuri itaondoka pamoja na kosa lako. Tena kutengua ni kwepesi pale tu ambapo hakuna aliyehariri sehemu ileile baadaye. Ndiyo maana nasema fanya kurasa kumi, kisha pumzika hadi kesho yake. Kama kuna uliloliharibu, wazoefu wanaofuatilia mabadiliko ya karibuni watakuwa wamekwisha kukuambia, na zitakuwa kurasa kumi za kurudishwa badala ya mia.

Wahariri wazoefu wana programu ya AutoWikiBrowser, inayowaletea ukurasa mmoja baada ya mwingine ukiwa tayari na badiliko linalopendekezwa, na mhariri ndiye anayehifadhi au kuruka. Wapo pia wanaoendesha roboti zinazohariri zenyewe, kwa kibali cha jumuiya. Usiombe vitu hivyo mwezi wako wa kwanza. Kwa kurasa thelathini huvihitaji.

Ukimaliza, rudia utafutaji ule wa mwanzo, baada ya muda kidogo, kwa maana orodha ya utafutaji huchelewa kusasishwa. Usitarajie kuona sifuri. Zitakazobaki ziwe zile tu ulizoziacha kwa makusudi: nukuu, anwani za viungo, majina ya watu. Ziandike kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, kila moja na sababu yake, ili atakayetafuta "raisi" mwakani asianze kuzirekebisha upya.